Shilingi 20,000 Zilizojificha Chini ya Ankara

Jioni moja mwezi Machi nilikuwa nyumbani kwa jirani yangu, tukichambua mchele na kuzungumza habari za watoto. Jirani huyu anashona sare za shule hapa Mbeya. Ana vyerehani vitatu na wasichana wawili wanaomsaidia. Vitambaa huagiza kwa kampuni moja ya jumla huko Dar es Salaam, ambayo humletea mzigo kwa mkopo na kumpa ankara ya kulipa baadaye.

Siku hiyo alileta bahasha ya karatasi zake, maana mumewe alikuwa amemwuliza swali lililomwudhi kidogo. "Mama, mbona kila mwezi unashona usiku na mchana, lakini ada ya mtoto ikifika tunahangaika?" Naye hakuwa na jibu.

Tulizipitia ankara moja moja. Bei za majora zilikuwa sawa, na hesabu ilijumlishwa vizuri. Lakini chini kabisa, kwa herufi ndogo, kila ankara ilikuwa na maandishi haya: 2/10, n/30.

"Hii maana yake nini?" nikamwuliza.

"Karani aliniambia nilipe ndani ya siku 30," akajibu. "Nami sijawahi kuchelewa hata siku moja."

Alikuwa amesema kweli, lakini nusu tu. Hiyo 30 ndiyo siku ya mwisho ya kulipa fedha zote. Sehemu ya kwanza, 2/10, inasema kwamba ukilipa ndani ya siku 10 unapunguziwa asilimia 2 ya deni. Hili ndilo punguzo la kulipa mapema. Muuzaji hulitoa kwa sababu naye ana viwanda na benki vinavyomdai, na fedha inayomfikia upesi inamsaidia kuliko inayokuja mwisho wa mwezi.

"Ni elfu ishirini tu!"

Ankara ya mwezi huo ilikuwa ya shilingi 1,000,000. Asilimia 2 yake ni shilingi 20,000. Kwa hiyo angelipa ndani ya siku 10 angetoa shilingi 980,000, na kuanzia siku ya 11 hadi ya 30 angetoa 1,000,000.

Jirani yangu hakushtuka. "Elfu ishirini ni mboga ya siku chache tu," akasema. "Mimi naona heri milioni yangu ikae sandukuni siku 20 zaidi. Mama yangu alinifundisha kwamba deni hulipwa siku yake, si kabla."

Akina mama wengi tungejibu hivyohivyo, maana asilimia 2 inasikika kama kitu kidogo. Lakini hebu, mpendwa msomaji, tuitazame hesabu hii kwa upande wa pili.

Siku ya 10 deni lake halisi ni shilingi 980,000. Hiyo ndiyo bei ya vitambaa. Asipolipa siku hiyo, ni kama muuzaji amemwambia: "Haya, kaa na hizi 980,000 zangu kwa siku 20, kisha uniletee 1,000,000." Zile 20,000 ni riba ya mkopo wa siku 20, ijapokuwa hakuna aliyeiita riba.

Sasa tupate asilimia. Gawanya 20,000 kwa 980,000, utapata karibu asilimia 2.04. Hiyo ni riba ya siku 20 peke yake. Mwaka una siku 365, na ndani yake vipindi vya siku 20 ni 18 na robo. Zidisha 2.04 kwa 18.25, jibu ni asilimia 37 na kidogo kwa mwaka.

Jirani yangu aliweka ungo chini. "Asilimia 37? Mbona kwenye chama chetu cha akiba na mikopo tunatozwa asilimia 2 kwa mwezi, yaani 24 kwa mwaka, na bado tunanung'unika?"

Asilimia 37 ya nini?

Hapa yafaa tuwe waangalifu, tusije tukajitisha bure. Asilimia 37 haina maana kwamba theluthi ya fedha zake imepotea. Ni kipimo cha kulinganishia mikopo, kama kilo inavyolinganisha gunia na debe. Mkopo wa siku 20 na mkopo wa mwezi haviwezi kulinganishwa mpaka vyote viwekwe katika mwaka mmoja.

Fedha halisi iliyotoka mkononi mwake tunaipata hivi. Anaagiza mara moja kila mwezi, ankara 12 kwa mwaka. Kila moja imempotezea shilingi 20,000, jumla shilingi 240,000. Kwa fedha hizo alinunua nini? Alinunua ruhusa ya kukaa na shilingi 980,000 kwa siku 20 mara 12, yaani siku 240. Na katika miezi kadhaa fedha hizo zilikuwa zimelala sandukuni tu, kwa kuwa wazazi na shule walikuwa wamekwisha kumlipa. Alilipa riba ya kukaa na fedha ambayo hakuitumia.

Jirani yangu alinyamaza kidogo, kisha akasema taratibu, "Basi ada ilikuwa humu."

Tarehe ndiyo yenye mtego

Nilimshauri jambo la kwanza: achukue kalamu nyekundu, na juu ya kila ankara aandike tarehe mbili. Ankara ya mwezi ule iliandikwa tarehe 3 Machi. Siku ya mwisho ya punguzo ni tarehe 13 Machi, na siku ya mwisho ya deni ni tarehe 2 Aprili, kwa kuwa Machi ina siku 31.

Angalia kwamba siku huhesabiwa kwa kawaida tangu tarehe iliyoandikwa kwenye ankara, si tangu siku mzigo ulipofika. Mzigo wake ulikaa njiani siku 3, na ukalala stendi siku moja kabla hajaufuata. Kumbe siku 10 zilikuwa zimebaki 6. Hapo yapasa kumwomba muuzaji ahesabu tangu siku ya kupokea mzigo, na jibu lake liandikwe. Tena fedha ihesabike kuwa imemfikia muuzaji ndani ya siku hizo. Ukiituma siku ya 10 jioni ikaingia kwenye akaunti yake siku ya 11, huenda punguzo limekwenda.

Jambo la pili ni kutolipa mapema kupita kiasi. Ukilipa siku ya kwanza, punguzo ni lilelile asilimia 2. Tumia siku za mwanzo kufungua mzigo, kupima majora na kutazama kama kuna kitambaa kilichotoboka au rangi isiyo sahihi, maana ni vigumu kurudishiwa fedha iliyokwisha kulipwa. Siku ya 8 au ya 9 ni nzuri.

Jambo la tatu huwashangaza wengi. Ikiwa siku ya 10 imekupita, usikimbilie kulipa siku ya 12. Punguzo limekwisha kupotea, na utatoa 1,000,000 ileile utakayotoa siku ya 30. Kulipa siku ya 12 ni kulipa shilingi 20,000 kwa mkopo wa siku 2. Kaa na fedha zako, uzitumie kwa kazi, kisha ulipe siku ya 30 bila kukosa.

Na kama fedha haipo?

"Mwezi huu ninazo," jirani yangu akasema. "Lakini Mei huwa sina. Nikope ili nilipe mapema?"

Jibu linategemea mkopo wenyewe. Tuchukue chama chao cha asilimia 2 kwa mwezi. Akikopa shilingi 980,000, riba ya mwezi mzima ni shilingi 19,600. Kama chama kinatoza kwa siku alizokaa na fedha tu, siku 20 zitamgharimu kama shilingi 13,100. Ameokoa 20,000, ametoa 13,100, amebakiwa na 6,900. Inafaa.

Lakini kama chama kinatoza mwezi mzima hata ukirudisha siku ya 20, kilichobaki ni shilingi 400, ambazo pengine hazitoshi kulipia fomu ya mkopo. Hapo hakuna faida. Na ukikopa kwa mtu au kwa simu kwa asilimia 5 kwa mwezi, utalipa 49,000 ili kuokoa 20,000. Huo ni ubatili mtupu. Kwa hiyo uliza kwanza: gharama yote ya mkopo huu kwa siku 20 ni shilingi ngapi? Ikizidi 20,000, acha punguzo liende. Ada ya kutuma fedha nayo iingizwe katika hesabu.

Wala usichukue fedha ya matibabu au ya ada inayodaiwa wiki ijayo ili uwahi punguzo. Mtoto akirudishwa nyumbani, shilingi 20,000 hazitaifuta siku hiyo.

Ipo njia nyingine isiyohitaji mkopo. Jirani yangu alimwomba muuzaji amwandikie ankara mbili za shilingi 500,000 kila moja kwa mzigo uleule. Ya kwanza ataweza kuilipa kwa mauzo ya siku 10, akatoa 490,000. Ya pili ataisubirisha hadi siku ya 30 katika miezi migumu. Hivyo anapata angalau shilingi 10,000, na mzigo haubebwi mara mbili.

Ankara hazifanani

Kabla sijaondoka tulitoa ankara ya muuzaji mwingine, wa vifungo na nyuzi. Yeye aliandika 1/10, n/30, yaani asilimia 1 tu. Kwa hesabu ileile, kuiacha kunagharimu kama asilimia 18 kwa mwaka. Hiyo ni chini ya riba ya chama chao, kwa hiyo kukopa ili kuiwahi ni hasara. Wa tatu aliandika 2/10, n/60. Punguzo ni asilimia 2, lakini muda wa ziada ni siku 50 badala ya 20, na gharama yake inashuka hadi asilimia 15 hivi. Muda wa ziada ukiwa mrefu, mkopo uliojificha unakuwa nafuu. Ukiwa mfupi, unakuwa ghali.

Wiki iliyofuata nilimkuta anakata kitambaa cha bluu. Ukutani, juu ya cherehani, alikuwa amebandika ankara yenye tarehe mbili nyekundu. Ya kwanza ilikuwa na alama ya vema, na pembeni mumewe alikuwa ameandika kwa mkono wake: "20,000 – ada."