Siku 14 za Spotify ugenini

Akaunti ya Spotify ina nchi yake, nayo ni ile iliyoandikwa siku akaunti ilipofunguliwa. Simu ikiunganishwa na intaneti, anwani ya IP inaonyesha mtumiaji yuko nchi gani, na Spotify huilinganisha nchi hiyo na ile ya kwenye akaunti. Zikilingana, hakuna swali. Zikitofautiana, mtumiaji huhesabiwa kuwa msafiri, na haki zake ugenini hutegemea aina ya akaunti aliyonayo. Mwenye kifurushi cha kulipia, kiitwacho Premium, huendelea kusikiliza bila kuhesabiwa siku. Mwenye akaunti ya bure hupewa siku 14 tu.

Sababu ya mpaka huo ni mikataba. Haki za nyimbo hutolewa nchi kwa nchi, na wimbo unaoruhusiwa kusikika Tanzania si lazima uruhusiwe Oman. Tena, akaunti ya bure haimlipishi msikilizaji. Fedha hutoka kwa makampuni yanayonunua matangazo. Anayenunua tangazo la kusikika Dar es Salaam anawataka wasikilizaji walioko huko, wala hana faida na mtu aliyehamia Maskati. Akaunti ya kulipia imekwisha kuingiza ada yake popote alipo mwenyewe, ndiyo maana hupewa nafasi zaidi.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Kariakoo aliyefungua akaunti ya bure Tanzania, ambako huduma hii ilianza mwaka 2021. Tarehe 3 Juni anawasili Maskati kwa shughuli za siku 40. Wiki mbili za kwanza anasikiliza kama kawaida. Katikati ya Juni, kabla nusu ya safari haijafika, nyimbo zinakataa kucheza na ujumbe unamwambia kwamba muda wa kutumia akaunti nje ya nchi yake umekwisha. Intaneti ni nzima na nywila ni sahihi, kwa hiyo kuifuta programu na kuiweka upya hakusaidii. Dalili ya kuwa tatizo ni nchi, wala si simu, ni kwamba huduma nyingine zote za mtandaoni zinafanya kazi. Akaunti yenyewe haijafutwa, na orodha zake za nyimbo zimo kama alivyoziacha.

Njia ya kwanza ya kuifungua ni kubadili nchi ya akaunti. Hilo hufanyika kwenye tovuti. Mtumiaji hufungua spotify.com kwa kivinjari, huingia kwenye akaunti yake, huenda kwenye sehemu ya kuhariri wasifu, kisha hutafuta mstari wa "Country or region". Hapo huchagua nchi aliyopo na kuhifadhi. Nchi mpya huonekana kwenye orodha pale tu mtu anapokuwa ndani yake, kwa hiyo mfanyabiashara huyu hawezi kuichagua Oman akiwa bado Kariakoo. Akisharudi nyumbani, hurudia hatua zilezile na kuichagua Tanzania.

Njia ya pili ni kulipia Premium kabla ya kuondoka, akiwa bado na njia ya malipo inayokubalika nchini kwake. Kifurushi hicho humruhusu pia kupakua nyimbo na kuzisikiliza bila intaneti, jambo ambalo akaunti ya bure hairuhusu. Hata hivyo, angalau mara moja kila siku 30 simu lazima iunganishwe na mtandao ili programu ihakikishe kwamba malipo yangali hai, la sivyo nyimbo zilizopakuliwa hazitacheza tena. Anayehama kabisa naye hana budi kubadili nchi ya akaunti, na kwa Premium atatakiwa kuwa na njia ya malipo ya nchi mpya. Baadhi ya nyimbo kwenye orodha zake huweza kugeuka kijivu. Maana yake ni kwamba hazina ruhusa katika nchi hiyo.

Kuna pia mtu asiyesafiri kabisa ambaye hupata ujumbe uleule. Huyo aghalabu ana VPN inayofanya kazi kwenye simu, aliyoiwasha kwa ajili ya jambo jingine akaisahau. VPN hupitisha mawasiliano kwenye kompyuta iliyo nchi nyingine, na anwani ya IP inayoonekana huwa ya huko. Akiwa amekaa sebuleni Morogoro, Spotify humwona kama yuko Uholanzi, na siku 14 huanza kuhesabiwa. Dawa yake ni kuizima VPN, kutoka kwenye akaunti, kisha kuingia upya ili nchi yake halisi isomeke.