Kutoka Alama ya Dole Gumba hadi Ripoti ya Mfadhili

Mwaka 2018 serikali ya Uganda na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, walianza kuwahesabu upya wakimbizi wote nchini humo, mmoja mmoja, kwa alama za vidole na picha za mboni za macho. Takwimu zilizokuwa zikitumika zilisema wako takribani milioni 1.4. Kazi ilipokamilika mwezi Oktoba, waliothibitishwa walikuwa kama milioni 1.1. Uhakiki huo ulifanyika baada ya tuhuma kwamba idadi ilipandishwa na misaada ikaibwa, na wafadhili walikuwa wakidai majibu.

Habari za namna hiyo huwafanya wengi waamini kwamba idadi ya walengwa ikizidi, lazima kuna mwizi. Wizi upo, na ni dhambi kubwa kumwibia aliyekimbia kwake na nguo alizovaa tu. Lakini mara nyingi idadi huvimba mikononi mwa karani mwaminifu, aliyekaa na rundo la karatasi za miezi mitatu, akajumlisha pale ambapo hakupaswa kujumlisha.

Karatasi zenyewe hutoka kwenye uwanja wa ugawaji. Siku ya kupokea chakula, kila kaya huja na kadi yake ya mgawo. Karani huitafuta namba ya kadi kwenye orodha, huangalia idadi ya wanakaya, hupima au huagiza wapimiwe, kisha mpokeaji hutia sahihi au dole gumba. Mstari mmoja wa karatasi hiyo unabeba mambo matatu yanayochanganywa kirahisi: mtu mmoja aliyetia dole, kaya moja yenye kadi, na watu kadhaa watakaokula. Kazi ya anayeandaa ripoti ni kutoa kwenye mistari hiyo majibu ya maswali mawili ya mfadhili: waliofikiwa ni watu wangapi, na walipewa kiasi gani?

Tuchukue mfano uliotungwa kwa vipimo vya kawaida vya kazi hii. Ni kanda moja ya kambi yenye kadi 1,204 zilizosajiliwa. Mgawo kamili wa unga wa mahindi ni gramu 400 kwa mtu kwa siku, yaani kilo 12 kwa siku 30. Mwezi Aprili zilikuja kaya 1,140 zenye watu 5,472. Mei zilikuja kaya 1,165 zenye watu 5,610. Juni zikaja 1,151 zenye watu 5,530.

Ukijumlisha watu wa miezi yote mitatu unapata 16,612, na wapo walioandika idadi kama hiyo mbele ya neno “wanufaika”. Hesabu ya kujumlisha haina kosa. Kinachokosewa ni kitu kinachohesabiwa. Hizo ni mara 16,612 ambazo mtu alipata mgawo. Mama aliyekuja Aprili, Mei na Juni amehesabiwa mara tatu, na watoto wake vivyo hivyo. Mfadhili anapouliza wamefikiwa watu wangapi, anataka kila mmoja ahesabiwe mara moja tu, hata kama alihudumiwa kila mwezi.

Njia ya kufika huko ni namba ya kadi. Majina hayafai kwa kazi hii, kwa kuwa jina moja huandikwa kwa tahajia nne na watu kumi huweza kuitwa jina hilohilo. Mistari ya miezi mitatu hupangwa kwenye jedwali moja: safu ya A ina namba za kadi, safu ya B ina idadi ya wanakaya. Miezi mitatu ya mfano wetu inatoa mistari 3,456. Kwenye Excel fomula hii huhesabu kadi zisizojirudia:

```
=ROWS(UNIQUE(A2:A3457))
```

Jibu la kwanza likaja 1,259. Mtu asiyeijua kambi angelichukua na kwenda nalo. Lakini kanda nzima ina kadi 1,204, na kaya zilizopokea haziwezi kuzidi kaya zilizosajiliwa. Hapo ndipo kazi halisi inapoanza. Karani wa Aprili aliandika namba kamili na herufi za kambi mbele. Wa Mei, kwenye baadhi ya mistari, aliandika tarakimu za mwisho tu. Wa Juni, kwa haraka ya foleni, mara kadhaa aliandika herufi O palipotakiwa sifuri. Hapo kompyuta imeona kadi mbili au tatu palipo na kadi moja. Baada ya namba kuandikwa kwa mtindo mmoja na zile za mashaka kulinganishwa na karatasi zenyewe, zikabaki kaya 1,186.

Kutoka kaya kwenda watu kuna njia ya mkato inayopendwa mno: kuzidisha kwa tano. Kaya 1,186 mara tano ni watu 5,930. Wastani huo hufaa wiki ya kwanza ya mafuriko, wakati hakuna orodha na watu wako juu ya mapaa. Kambi yenye orodha haina sababu ya kuutumia, maana safu ya wanakaya ipo. Kwa kila kadi huchukuliwa idadi kubwa zaidi iliyoonekana katika miezi mitatu, kwa sababu mtoto aliyezaliwa Mei na kuongeza kaya kutoka watu wanne hadi watano amefikiwa kweli. Safu ya D ikiwa na orodha ya kadi zisizojirudia, fomula ni hii:

```
=MAXIFS(B$2:B$3457, A$2:A$3457, D2)
```

Jumla ya majibu hayo katika mfano wetu ni watu 5,704. Njia hii nayo ina mpaka wake. Kama mwezi huohuo mtoto alizaliwa na kaka yake akahamia kaya nyingine, kaya itaonekana haikubadilika, ilhali mtu mpya amefikiwa. Pengo hilo huzibwa pale tu kila mwanakaya anapokuwa na namba yake. Panapokosekana namba hizo, ripoti iseme wazi kwamba hesabu imetokana na kadi za kaya.

Swali la pili, la kiasi, lina njia yake na ushahidi wake. Unga una karatasi nyingine kabisa, zile za ghala, na uzuri wake ni kwamba ziliandikwa na watu tofauti na wale wa uwanjani. Mwezi Aprili hati ya mzigo ilionyesha magunia 1,400 ya kilo 50 yamepakiwa. Leja ya stoo ikaonyesha yamepokelewa 1,396, na dereva amesaini upungufu wa manne. Baada ya ugawaji yalirudishwa ghalani magunia 80. Kwa hiyo kilo 69,800 ziliingia, 4,000 zilibaki, na kilo 65,800 zilitoka.

Orodha ya uwanjani inasema watu 5,472 walipewa kilo 12 kila mmoja, yaani kilo 65,664. Kati ya ghala na orodha kuna tofauti ya kilo 136. Fomu ya hasara inaeleza kilo 96 zilizomwagika kutoka magunia matatu yaliyochanika. Zilizosalia ni kilo 40, ambazo ni vumbi la unga na mkono wa mpimaji, kiasi kisichofikia hata sehemu moja ya elfu ya ugawaji wote. Tofauti hiyo iandikwe kama ilivyo. Mkaguzi mzoefu hushtuka zaidi anapokuta ghala na orodha vinakubaliana hadi kilo ya mwisho, kwa kuwa unga haupimwi hivyo na watu waliosimama juani tangu alfajiri. Huenda karatasi moja imenakiliwa kutoka nyingine.

Ingekuwa kinyume chake, orodha ionyeshe kilo 67,000 huku ghala likiwa limetoa 65,800, hakuna maelezo ya kumwagika yatakayosaidia. Haiwezekani kugawa ambacho hakikutoka. Ama watu wamepunjwa kipimo, ama kuna mistari iliyojazwa bila mpokeaji. Hapo huangaliwa karatasi zenyewe: madole gumba yanayofanana ukurasa mzima, wanakaya watanowatano kila mstari, au siku ambayo hakuna hata kaya moja iliyokosa kufika, ingawa kila mwezi wapo wagonjwa na waliosafiri.

Makosa hukolea zaidi mgawo unapobadilika katikati ya kipindi. Jambo hili si la kubuni: mwaka 2023, kwa upungufu wa fedha, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgawo wa wakimbizi walioko kambini Tanzania hadi nusu. Tuseme katika mfano wetu hilo limetokea Juni, kila mtu akapata kilo sita. Aprili ziligawiwa kilo 65,664, Mei 67,320 na Juni 33,180. Jumla ni kilo 166,164 zilizofika mikononi mwa watu.

Karani aliyekosa orodha hushawishika kugawanya kilo hizo kwa mgawo kamili wa miezi mitatu, kilo 36, na kupata watu 4,616. Zaidi ya watu elfu moja waliosimama foleni, wakapokea nusu na kulala na njaa, wamefutika kwenye ripoti. Mpango wa robo ijayo ukitengenezwa juu ya idadi hiyo, chakula kitaletwa kwa watu wachache kuliko walioko, na nusu ile itagawanywa tena. Ndiyo maana kilo hazipaswi kuzaa watu, wala watu kuzaa kilo. Kila upande usomwe kwenye karatasi zake, kisha pande mbili zikutanishwe.

Ripoti iliyotoka kwenye kazi hii haihitaji maneno mengi. Inaweza kusema: kati ya Aprili na Juni, kaya 1,186 zenye watu 5,704 zilipata unga wa mahindi angalau mara moja, jumla ya kilo 166,164 ziligawiwa, Aprili na Mei kila mtu alipata kilo 12, Juni kilo sita, hasara iliyoandikwa Aprili ni kilo 96 za magunia yaliyochanika, na kilo 40 zilipungua katika kupima. Magunia manne yaliyopungua njiani yanadaiwa kwa msafirishaji, hati ya mzigo iliyosainiwa na dereva ikiwa ndiyo ushahidi. Kama sabuni na blanketi ziligawiwa kwa kaya hizohizo, watu wake hawaongezwi juu ya 5,704. Kama wafadhili wawili walichangia unga huo, kila mmoja anaambiwa kwamba mwenzake yumo, ili watu haohao wasionekane kama makundi mawili.

Mkaguzi atakapokuja, pengine mwaka mmoja baadaye, hataanza na jumla. Atachagua namba chache za kadi kwenye jedwali na kuomba karatasi zake za uwanjani, kisha atachagua karatasi chache ghalani na kuzitafuta kwenye jedwali. Halafu ataomba kupelekwa kwenye kaya kadhaa, aulize mwezi Juni walipata nini.