Dhamana kwa Ndugu na Amani ya Nyumba (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza habari za mkopo ambao mume au mke huuchukua kwa haja ya nyumba yake mwenyewe. Leo twaingia katika jambo zito kuliko hilo, nalo ni dhamana: mmoja wa wanandoa anapotia saini ili ndugu yake apewe fedha na chama cha akiba na mikopo, ilhali mwenzake ama hakuulizwa, ama aliulizwa akakataa. Ugomvi utokao hapa huwa mrefu, kwa kuwa kila upande una hoja yake. Mwenye ndugu huona kwamba hakutoa hata senti, amemsitiri tu mtu wa tumbo moja naye. Na mwenzake huona kwamba karatasi ile imechukua ada za watoto na mabati ya nyumba. Nami, baada ya kusikiliza mashauri mengi ya namna hii barazani na majumbani, nauelekea upande wa pili, na sababu yangu imo katika hesabu.

Natuchukue mfano wa mwalimu mmoja wa Tanga, mwenye akiba ya shilingi 2,400,000 katika chama chao cha kazini, ambacho kanuni yake, kama ilivyo katika vyama vingi, ni kumkopesha mwanachama hadi mara tatu ya akiba yake. Mdogo wake, aliye mwanachama wa chama hicho hicho na mwenye akiba ya 2,000,000, aomba 6,000,000 ili afungue duka, azilipe kwa miezi 24, yaani 250,000 kila mwezi mbali na riba. Akiba yake mwenyewe yafunika 2,000,000 za mkopo huo. 4,000,000 zilizobaki zataka wadhamini wawili, kila mmoja aweke rehani 2,000,000 katika akiba yake. Mwalimu atia saini jioni moja, na mkewe, ambaye kwa muda mrefu amekuwa akingoja wakope ili waezeke vyumba viwili vya nyuma, hana habari.

Watu wengi hudhani kwamba hasara ya dhamana huanza siku mdaiwa aachapo kulipa. Sivyo. Tangu siku ile ya saini, katika akiba ya mwalimu zilizo huru ni shilingi 400,000 tu, kwa maana fedha moja haiwezi kushika madeni mawili kwa wakati mmoja. Atakapokwenda kuomba mkopo wa mabati, ataambiwa atafute wadhamini wake mwenyewe au angoje ndugu yake amalize. Na akitaka kujitoa chamani achukue akiba yake, hataruhusiwa mpaka deni lile lilipwe au apatikane mdhamini mwingine wa kushika nafasi yake. Basi hata ndugu awe mwaminifu namna gani, nyumba ya mwalimu imekwisha kulipa kwa kungoja miaka miwili, na aliyengojeshwa zaidi ni yule ambaye hakushauriwa.

Sasa tuseme mdogo mtu alipa miezi minane, duka likaanguka, naye akaacha kazi. Amelipa 2,000,000, zimebaki 4,000,000. Chama chachukua kwanza akiba yake, 2,000,000, na zile 2,000,000 zilizosalia huwarudia wadhamini, milioni moja kila mtu, pamoja na riba iliyokusanyika. Lakini fomu nyingi zina maneno yasemayo kwamba wadhamini wanawajibika kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Na ikiwa yule mdhamini wa pili amekwisha kufilisika au hajulikani alipo, chama chaweza kumdai mwalimu zote 2,000,000, kisha yeye ndiye amtafute mwenzake amrudishie nusu. Hapo ndipo mke hupata habari, mara nyingi kwa barua ya chama au kwa karatasi ya mshahara iliyopungua, na hapo ndipo aulizapo, "Baba Salim, umemdhamini shemeji, au umelidhamini paa letu?"

Wengi wa wake na waume niliowasikia wakigombana juu ya jambo hili hudhani kwamba sheria ingalizuia saini ile kwa kuwa mwenzi hakuridhia. Inafaa tuelewe vema mpaka wa sheria hapa Tanzania. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, yamkataza mume au mke kuuza, kutoa zawadi au kuweka rehani nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yaitaka ridhaa hiyo katika rehani ya nyumba wanamokaa. Lakini sheria ile ile ya ndoa, katika kifungu cha 58, yasema kwamba ndoa haibadili umiliki wa mali; akiba iliyo kwa jina la mume ni ya mume, na iliyo kwa jina la mke ni ya mke. Kwa hiyo nyumba ina ngome ya sheria, bali akiba na mshahara havina ngome ila mapatano ya wawili wenyewe. Na haya ni sawa kwa pande zote, maana mume naye hana njia ya kumzuia mkewe kumdhamini dada yake.

Kwa sababu hiyo, mwenzi anapoletewa karatasi atie saini, na aulize kwanza ni karatasi gani. Ile ya ridhaa hukubali kwamba nyumba iwekwe rehani, na anayeitia saini hajawa mdaiwa. Ile ya udhamini humfanya yeye mwenyewe kuwa mwenye kudaiwa. Nimeona zote mbili zikiletwa katika bahasha moja, na mke akaambiwa kwamba ni za kukamilisha tu.

Mwenye kutaka kumsaidia nduguye bila kuiangamiza nyumba yake na alete shauri kwa mwenzake kabla ya kumpa ndugu ahadi, kwa kuwa ahadi ikishatoka, kila neno la mwenzi huonekana ni chuki dhidi ya ukoo. Wakikubaliana, fomu iandikwe kiasi kamili na muda kamili, na isitiwe saini ingali tupu, kwani mdhamini asiyeandika mpaka wake huandikiwa na wengine. Sheria ya mikataba humtoa mdhamini katika yale yafuatayo baada ya masharti ya mkopo kubadilishwa pasipo ridhaa yake. Walakini zipo fomu zenye neno la kumfanya aiache haki hiyo mapema, na neno hilo ndilo la kutafuta na kukataa. Iwapo wawili hawawezi kukubaliana, mimi naona ni heri kumpa ndugu kiasi kidogo cha fedha taslimu, kilichokwisha kupangwa mezani na kisichorudi, kuliko kuweka saini juu ya kiasi kikubwa ambacho hakipo mkononi.

Na aliyekwisha kutia saini kabla ya kusoma haya aandike barua kwa chama aombe kujulishwa baki ya deni kila mwezi, na amwonyeshe mwenzake jibu. Akilazimishwa kulipa, achukue stakabadhi yenye kutaja kwamba amelipa kama mdhamini wa fulani, kwa kuwa kwa malipo hayo amevaa haki za mdai na anaweza kumdai ndugu yake.

Juma lijalo, inshaallah, tutazungumza habari ya mdhamini anayefariki kabla ya deni kumalizika, na jinsi dai hilo linavyoingia katika mirathi ya mjane na watoto.