Fahamu nambari ya paleti: kwa nini shehena ya mbuta inahitaji kitambulisho chake

Katoni za minofu ya mbuta zinapotoka kiwandani Kisumu kuelekea Nairobi, hupangwa juu ya paleti, zikazungushiwa plastiki na kuingizwa kwenye lori la baridi. Kuanzia hapo, hakuna anayeweza kujua kwa macho samaki hao walivuliwa lini au walishukia ufuo gani. Kinachobaki kusimulia safari yao ni lebo iliyobandikwa ubavuni.

Wakazi wengi wa kando ya Ziwa wanakumbuka mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu. Waliotumia nyavu halali waliumia sawa na waliotumia sumu, kwa sababu haikuwa rahisi kutenganisha shehena safi na chafu. Baadaye sheria ya chakula ya Umoja huo, nambari 178 ya mwaka 2002, iliweka sharti la kufuatilia chakula: kila mfanyabiashara aweze kuonyesha alikotoa bidhaa na alikoipeleka. Sharti hilo lilianza kutekelezwa Januari 2005.

Makala haya yanaeleza nambari inayorahisisha kazi hiyo, inayojulikana kwa kifupi kama SSCC, na mahali pa kubandika lebo yake.

Katoni ina nambari yake, paleti ina yake

Msimbo pau wa katoni hutaja aina ya bidhaa. Katoni zote za minofu ya aina moja na mpangilio mmoja hubeba nambari ileile ya bidhaa yenye tarakimu 14. Kwa kuwa uzito wa minofu hutofautiana katoni hadi katoni, nambari hiyo huanza na 9, ishara kwamba uzito si wa kudumu. Uzito halisi huandikwa kando, kwa mfano:

```
(3102)000605
```

Tarakimu 3102 zinaiambia skana kwamba kinachofuata ni uzito kwa kilo, wenye nafasi mbili za desimali. Hapo ni kilo 6.05. Nambari ya kundi la uzalishaji hutanguliwa na 10. Mabano ni ya kumsaidia binadamu kusoma tu, hayamo ndani ya mistari ya msimbo.

SSCC ni tofauti. Haitaji aina ya bidhaa wala uzito. Hutambulisha mzigo mmoja tu, kama nambari ya kitambulisho inavyomtambulisha mtu mmoja. Ina tarakimu 18 na hutanguliwa na 00:

```
(00)161699990000000437
```

Huo ni mfano tu. Tarakimu ya kwanza, 1, huchaguliwa na kampuni yenyewe. Inayofuata, 6169999, ni nambari ya kampuni. Kisha 000000043 ni mfululizo wa mizigo, na 7 ya mwisho ni tarakimu ya ukaguzi. Nambari za kampuni hutolewa na shirika la GS1 Kenya kwa wanachama wake, na huanza na 616. Maana yake ni kwamba nambari imetolewa Kenya. Si uthibitisho kwamba bidhaa yenyewe imetoka Kenya.

Tarakimu ya mwisho hupatikanaje?

Chukua tarakimu 17 za kwanza. Ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea hivyo hadi ya 17, zijumlishe: katika mfano wetu ni 23. Zidisha kwa 3, upate 69. Jumlisha zilizobaki, ambazo ni 34. Jumla ni 103. Ili kufika 110, kumi kamili inayofuata, zinahitajika 7. Hiyo ndiyo tarakimu ya ukaguzi.

Karani akikosea akaandika 34 badala ya 43 kabla ya tarakimu hiyo, hesabu italeta 5 na mfumo utakataa. Lakini kinga hii ina tundu. Tarakimu mbili jirani zinazotofautiana kwa 5, kama 1 na 6, zikibadilishana nafasi, hesabu haibadiliki. Nambari zinazoanza na 616 zina jozi hiyo mwanzoni kabisa, kwa hivyo ni salama zaidi kupitisha skana kuliko kuandika kwa mkono.

Mfano wa shehena yenye shida

Tuseme kiwanda kimepeleka paleti tano, kila moja na katoni 60. Mnunuzi anapiga simu: paleti moja imefika ikiwa na joto kupita kiasi. Akisoma SSCC yake, kiwanda hufungua kumbukumbu na kuona katoni zipi 60 zilipangwa humo, za makundi gani, na samaki walishukia wapi, iwe Dunga au ufuo mwingine. Paleti hiyo inazuiwa na nne zinaendelea sokoni.

Sasa tuseme mpakiaji alichapisha lebo moja mara tano. Paleti zote zina nambari moja, na hakuna anayejua ipi ni ipi. Katoni 300 zitazuiliwa badala ya 60. Ndiyo maana nambari iliyotumika haifai kutumika tena kabla ya mwaka mmoja kupita tangu mzigo uondoke. Vilevile, paleti ikivunjwa njiani na katoni kupangwa upya, anayeunda mzigo mpya huupa SSCC mpya.

Kumbukumbu ndiyo roho ya mpango huu. Kama orodha ya katoni haikuhifadhiwa wakati wa kupanga, nambari ya paleti haitamsaidia mtu.

Lebo ibandikwe wapi?

Kwenye paleti, ukingo wa chini wa msimbo uwe kati ya milimita 400 na 800 kutoka chini ya paleti. Msimbo, pamoja na nafasi nyeupe za pembeni, uwe angalau milimita 50 kutoka ukingo wa wima. Paleti iliyo chini ya milimita 400 huwekewa lebo juu iwezekanavyo. Mistari isimame wima, na ni vyema kubandika lebo mbili zenye nambari moja kwenye pande mbili zinazopakana, ili dereva wa foklifti aone mojawapo.

Kwenye katoni, ukingo wa chini wa msimbo uwe milimita 32 kutoka chini, na angalau milimita 19 kutoka ukingo wa wima. Usiuzungushe kwenye kona.

Katika biashara ya samaki, adui mkubwa ni maji. Katoni yenye umande wa barafu haishiki gundi, hivyo bandika ingali kavu na utumie gundi ya baridi. Kwa paleti, bandika lebo juu ya plastiki baada ya kuizungusha, kwa sababu plastiki iliyokunjamana juu ya lebo hung'aa na kuizuia skana. Dalili ni rahisi kuona: ikibidi kupitisha skana mara tatu, lebo hiyo itakwama ghalani kwa mnunuzi.

Muuzaji wa samaki sokoni Kibuye hahitaji nambari hizi. Zinawahusu viwanda, vyama vya ushirika na wafanyabiashara wanaouza kwa katoni na paleti kwa maduka makubwa au nje ya nchi. Hata hivyo, kabla ya kununua printa, muulize mnunuzi wako lebo ipi anaisoma, kwa kuwa wengine hutaka taarifa zaidi ya SSCC pekee.