Tanbihi ya Mfasiri na Siri ya Mwenye Hati: Mfano wa Hati za Kiitaliano Mjini Nairobi

Mijadala mingi kuhusu tanbihi katika tafsiri imejengwa juu ya matini za fasihi na za dini, ambamo tanbihi humsaidia msomaji kuielewa ada au mahali pageni. Hati ya mtu binafsi ni matini ya namna nyingine. Msomaji wake ni hakimu, msajili wa ndoa au afisa wa uhamiaji, naye huisoma ili aamue jambo linalomhusu mtu aliye hai. Makala haya yanakusudia kuchunguza swali moja: ni lini mfasiri aweke tanbihi penye istilahi ya Kiitaliano isiyo na kisawe, na ni lini tanbihi hiyo yaweza kufichua siri ya mwenye hati?

Swali hili si la kubuniwa darasani. Waitaliano wamelowea Kenya kwa miaka mingi, hasa Malindi na Nairobi. Wengine wameoana na wenyeji na kuacha mali na watoto. Aidha, mahakama za chini nchini Kenya huendeshwa kwa Kiingereza au Kiswahili, hivyo tafsiri ya hati ya Kiitaliano kwa Kiswahili ina mahali pake kisheria.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mfasiri ana ofisi Hurlingham, kando ya Barabara ya Argwings Kodhek. Mjane Mkenya, aliyeolewa na Mwitaliano, anamletea hati zitakazotumika katika shauri la mirathi: dondoo ya cheti cha ndoa na cheti kiitwacho 'stato di famiglia'. Miezi michache kabla ya hapo, mteja mwingine alikuwa amemletea hati ya kuzaliwa ya kijana ambaye baba yake ni marehemu huyo huyo. Mjane hakumtaja kijana huyo, na haijulikani kama ana habari zake.

Jambo la kwanza la kupima ni kama tafsiri yenyewe yaweza kuutosheleza uzito wa neno. Istilahi nyingi zinazodhaniwa kuwa hazitafsiriki huhitaji tu maneno mawili matatu badala ya moja. 'Stato libero', kwa mfano, ni hali ya mtu asiyefungwa na ndoa yoyote, awe hajapata kuoa, amefiwa au ametaliki. Mfasiri akiandika "hajaoa" amepotosha. Akiandika "mtalaka" kwa sababu ametambua hivyo kutokana na hati nyingine, amesema ambacho ofisi ya Italia haikukisema katika cheti hicho. "Hafungwi na ndoa yoyote" inatosha, nayo haihitaji tanbihi. Inafaa kukumbuka kwamba ukimya wa istilahi ni sehemu ya maana yake.

Jambo la pili ni kama msomaji, akisoma tafsiri sahihi, bado ataelekea kukosea. Katika pambizo ya dondoo ya cheti cha ndoa mna maelezo kwamba wanandoa walichagua 'separazione dei beni'. Kwa neno kwa neno, huo ni "utengano wa mali". Hakimu wa Nairobi akiyasoma maneno hayo aweza kudhani kwamba wanandoa walikuwa wametengana, au kwamba mali yao ilikwisha kugawanywa. Maana ya Kiitaliano ni tofauti kabisa. Tangu sheria ya familia ya Italia ilipobadilishwa mwaka 1975, wanandoa wasiochagua mfumo mwingine huhesabiwa kuwa na ushirika wa mali wanazozipata wakiwa katika ndoa. Wakitaka kila mmoja abaki na mali yake, huweza kutamka hivyo siku ile ile ya kufunga ndoa. Basi kauli inayosikika kama habari ya mwisho wa ndoa ni chaguo lililofanywa ndoa ilipoanza. Sheria ya Mali ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2013 huangalia mchango wa kila mwanandoa, wala haina mfumo unaolingana moja kwa moja na huo wa Italia. Hapa tanbihi ni wajibu, nayo yaweza kuwa fupi: "Mfumo wa umiliki ambao kwao kila mwanandoa humiliki peke yake mali aipatayo. Kauli hii haimaanishi kutengana kwa wanandoa." Haifai kuongeza namna hakimu wa Kenya anavyopaswa kuuchukulia mfumo huo, kwani kazi hiyo ni ya wakili.

Jambo la tatu ndilo gumu zaidi. 'Stato di famiglia' hutolewa na manispaa, nacho huorodhesha watu walioandikishwa kuishi pamoja katika nyumba moja kama familia. Mtoto aishiye kwingine hamo. Kikitafsiriwa "cheti cha familia" bila maelezo, mahakama ya mirathi yaweza kukipokea kama orodha ya warithi. Tanbihi inahitajika, lakini mfasiri wetu anajua habari ya yule kijana. Akiandika kwamba "marehemu alikuwa na mtoto mwingine" amevunja amana ya mteja wa kwanza na kujigeuza shahidi. Akinyamaza kabisa, ameiacha tafsiri yake imdanganye msomaji.

Njia ya haki ni tanbihi inayoeleza istilahi bila kumgusa mtu: "Cheti hiki huorodhesha walioandikishwa kuishi pamoja, si lazima kiwataje watoto wote." Maneno haya yanampa hakimu sababu ya kuuliza, na hayamtaji yeyote. Hata hivyo usalama wake una sharti moja, nalo ni kwamba tanbihi hiyo iwekwe kila mara cheti hicho kinapotafsiriwa, kwa maneno yale yale. Mfasiri akiiweka tu pale anapojua kuna jambo, kuwepo kwake kunakuwa ishara, na wakili mzoefu ataisoma ishara hiyo. Kwa sababu hiyo mfasiri hana budi kuwa na daftari la tanbihi zilizokwisha kuandikwa, ambalo analitumia bila kutazama uso wa mteja. Na mteja akiomba tanbihi iondolewe kwa kuwa inamdhuru, jibu ni kwamba tanbihi hiyo inalieleza neno na wala haimhusu yeye.

Daftari hilo nalo lina hatari yake, hasa kwa walimu wanaotumia hati halisi kama mifano ya darasani. Aghalabu jina na tarehe ya kuzaliwa hufutwa, na namba ya kodi ya Kiitaliano, 'codice fiscale', ikaachwa kwa kudhaniwa kuwa haina maana. Namba hiyo ina herufi na tarakimu 16, na kila moja ina kazi. Mwanamke wa kubuni aitwaye Maria Rossi, aliyezaliwa Roma tarehe 1 Januari 1980, angeanza na `RSSMRA80A41H501`, kisha herufi moja ya uhakiki. `RSS` ni konsonanti za jina la ukoo. `MRA` hutokana na Maria. `80` ni mwaka. `A` ni Januari. `41` ni siku ya kwanza iliyoongezwa 40 kwa kuwa ni mwanamke. `H501` ni Roma. Aliyezaliwa nje ya Italia hupewa alama ya nchi inayoanza na `Z`. Kuificha tarehe na kuiacha namba hii ni sawa na kutoficha kitu.

Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 huzihesabu habari za ndoa, mali na majina ya watoto, wazazi na wenzi kuwa data nyeti. Kwa hiyo daftari la mfasiri libaki na istilahi, tanbihi yake na aina ya hati tu. Na mfano wa darasani utungwe upya kwa majina ya kubuni, pamoja na namba yake.