Meneja Mbele ya Ghadhabu

Akili ya hisia, kama walivyoieleza wanazuoni wa Kimarekani Peter Salovey na John Mayer katika makala yao ya mwaka 1990, ni uwezo wa mtu kuzitambua hisia zake na za wenziwe, kuzipambanua, na kuyatumia maarifa hayo kuongoza fikira na vitendo vyake. Daniel Goleman, aliyeieneza habari hiyo kwa kitabu chake cha mwaka 1995, aliihusisha na uongozi miaka mitatu baadaye, akataja sehemu tano: kuijua nafsi, kujidhibiti, kuwa na ari, kuhisi hali ya mwenzio, na ustadi wa kuchukuana na watu. Wapo waliomlaumu, na nadhani kwa insafu, kwamba amechanganya uwezo wa akili na tabia njema katika kapu moja. Ari, mathalani, ni sifa aula ya kiongozi, lakini ni taabu kuona kwa nini ihesabiwe kuwa akili.

Katika kikao kilichochafuka, sehemu hizo hazina uzito sawa. Na tuchukue mfano wa meneja wa kampuni isambazayo saruji, ambaye asubuhi moja, wakuu wa idara wote wakiwa wameketi, anamsikia mkuu wa mauzo akisema kwa sauti ya juu: “Ghala ndiyo inayotuaibisha kwa wateja, na wewe Bwana Meneja unajua, ila umenyamaza.” Mkuu wa ghala hajibu, anazikusanya karatasi zake polepole na kuzilinganisha kingo. Meneja naye anahisi shingo imepata moto na jibu kali limemfika ulimini.

Hapo aghalabu watu hudhani kujidhibiti ni kuimeza hasira na kukaza uso. James Gross wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyeichunguza kadhia hii kwa miaka mingi, ameonyesha pamoja na wenziwe kwamba mwenye kuficha hisia yake hutulia kwa nje tu, ilhali mwili wake ungali katika taharuki. Fauka ya hayo, hukumbuka kwa uchache maneno yanayosemwa mbele yake, kwa kuwa sehemu ya akili yake imeshughulika na ulinzi wa uso. Na ajabu zaidi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, shinikizo la damu lilipanda hata kwa yule aliyekuwa akizungumza na mtu afichaye hisia. Basi meneja anayekaa kama sanamu hupoteza habari anazozihitaji, na huenda akawazidishia wenziwe fadhaa.

Njia iliyo bora ni kuibadili tafsiri ya jambo kabla hasira haijakomaa. Meneja wetu kwanza aipe hisia jina, kimyakimya: nimeona haya, kwa kuwa nimeshutumiwa hadharani. Kisha ajiulize ni lipi jingine laweza kuwa limemsukuma msemaji, naye akikumbuka kuwa ndiye anayepokea simu za wateja kila kutwa, shutuma ile itaanza kuonekana kama malalamiko ya mtu aliyeelemewa, na si uasi. Akishapoa hivyo ndipo atakapoweza kumwona yule wa ghala na karatasi zake, na kutambua kuwa kimya kile si kukiri kosa.

“Ndugu yangu,” anamwambia wa mauzo, “naona umebeba lawama usiyoizua. Nitajie shehena iliyochelewa, na siku iliyoagizwa.” Akishatajiwa, anamgeukia wa pili: “Nawe, agizo hilo lilikufikia saa ngapi?” Yabainika kuwa liliandikwa asubuhi, likafika ghalani jioni, malori yamekwisha pakiwa. Ugomvi wa watu wawili umegeuka suala la saa, nao wanakubaliana kuwa agizo lipitalo saa sita mchana litahesabiwa la kesho yake. Neno “kutuaibisha” meneja halipuuzi. Analikemea baadaye, faraghani.

Hatari ipo upande wa pili pia, kwani meneja stadi wa kutafsiri upya aweza kuitafsiri hata dhuluma ikawa uchovu tu. Kama ghala kweli imezembea, huruma isimzuie kusema hivyo. Alama ya kosa hili ni kikao kumalizika kwa upole mwingi, kisha mabishano yale yale yakasikika ukumbini.

Wala isidhaniwe kuwa kipaji hiki chafaa kila kazi kwa kadiri moja. Dana Joseph na Daniel Newman, walipozikusanya tafiti nyingi na kuzipima pamoja mwaka 2010, waliona kuwa uwezo huu huandamana na utendaji bora katika kazi zinazodai kukabiliana na hisia za watu, na katika kazi zisizodai hivyo faida hiyo haikuonekana. Mwenye kuongoza vikao yumo katika kundi la kwanza.