Mwaka Mmoja, Saa 1,800

Agosti, Karatu hakulali. Magari ya watalii huwashwa alfajiri ili yawahi lango la Ngorongoro, na jioni hurudi karibu yote kwa pamoja, abiria wakiwa na vumbi na njaa. Vitanda vitandikwe, taulo zifuliwe, chakula kiwe tayari, na kesho yake mambo ni yale yale. Aprili ni habari nyingine. Masika yamekolea, njia za porini ni tope, na hoteli yenye vyumba thelathini ina wageni wanne. Wahudumu wanafuta meza ambazo hazijakaliwa tangu juzi.

Mwenye hoteli wa aina hii kwa kawaida huchagua moja kati ya njia mbili. Huajiri watu wa msimu na kuwaaga mvua zikianza, kisha Juni anaanza kufundisha wapya jinsi ya kushika trei. Au hubaki na watu wake, akawalipa ovataimu Agosti na mshahara wa kukaa bure Aprili. Njia ya tatu ni mkataba wa saa za mwaka: mfanyakazi na mwajiri wanakubaliana jumla ya saa za mwaka mzima, saa hizo zinawekwa nyingi penye kazi nyingi na chache penye kazi chache, lakini mshahara unatoka sawa kila mwezi.

Ufaransa wana hesabu yake maarufu. Katika siku 365 wanatoa siku 104 za mwisho wa wiki, 25 za likizo na 8 za sikukuu. Zinabaki 228, zikizidishwa kwa saa 7 ni saa 1,596, ambazo wanaziinua hadi 1,600. Joto kali la mwaka 2003 lilipoua wazee wengi, ikaongezwa siku moja ya kazi ya mshikamano kwa ajili ya kusaidia wazee na walemavu, na idadi ikawa 1,607. Ndiyo inayotumika hadi leo.

Tanzania Bara nayo imeufungulia mlango mtindo huu, ingawa ni waajiri wachache wanaoutaja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Kifungu chake cha 22 kinaruhusu saa hizo zihesabiwe kwa wastani wa kipindi kisichozidi mwaka mmoja, kwa masharti mawili mazito. Kwanza, makubaliano yawe kwenye mkataba wa hali bora za kazi uliosainiwa na chama cha wafanyakazi. Karatasi ambayo meneja anampa mhudumu mmoja mmoja haitoshi. Pili, wastani wa saa za kawaida usizidi 40 kwa wiki, si 45 tena. Saa hizo tano ndizo bei ya unyumbufu: mwajiri anapata uhuru wa kupanga, mfanyakazi anapata wiki fupi. Mwajiri anayetaka uhuru bila kulipa bei hiyo anaiba.

Tuchukue hoteli ya mfano hapo Karatu. Mwaka una wiki 52. Likizo ya siku 28 inakula wiki nne, zinabaki 48, na kwa saa 40 kila moja ni saa 1,920. Tuseme sikukuu 15 zinaangukia siku za kazi, kila moja saa 8. Tukizitoa hizo 120, mhudumu anadaiwa saa 1,800 za kazi.

Sasa kuzigawa. Wageni hujaa kuanzia mwisho wa Juni hadi Oktoba, wiki 18, na wiki mbili za Krismasi na Mwaka Mpya. Wiki hizo 20 zipangiwe saa 48, yaani siku sita za saa nane, na jumla ni 960. Wiki 16 za wastani, nyingi zikiwa kati ya Januari na katikati ya Machi, zipewe saa 36: siku nne za saa tisa, jumla 576. Zinabaki wiki 16 za ukimya, yaani masika na Novemba. Nne ni likizo, na 12 zipewe saa 18, siku tatu za saa sita, jumla 216. Ukijumlisha yote unapata 1,752.

Saa 48 zilizobaki hazijasahaulika. Hizo ni saa za akiba, ambazo meneja anaziita mwenzake akiugua au kundi la wageni likija bila taarifa. Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Mkataba usiposema mfanyakazi aarifiwe siku ngapi kabla, akiba inageuka kuwa simu ya saa kumi na mbili asubuhi kila Jumapili. Na mwaka ukiisha zikiwa bado hazijaitwa, zife. Mfanyakazi alikuwa tayari. Aliyeshindwa kuzitumia ni mwajiri, kwa hiyo zisisukumwe mwaka unaofuata kama deni. Zaidi ya saa 1,800 ni ovataimu, na sheria inataka ilipwe si chini ya mara moja na nusu.

Ugonjwa una mtego wake. Mhudumu akilazwa wiki moja ya Agosti, daftari lake lijazwe saa ngapi? Wahasibu wengi wangeandika 40, kwa kuwa ndio wastani. Lakini wiki hiyo alipangiwa 48, hivyo anarudi kazini akidaiwa saa nane kwa kosa la kuugua malaria. Kanuni ya haki ni kuandika saa zilizokuwa kwenye ratiba ya zamu.

Mtego mkubwa kuliko wote ni kuondoka katikati ya mwaka. Mhudumu wetu analipwa shilingi 520,000 kwa mwezi, yaani 6,240,000 kwa mwaka. Ukigawa kwa saa 2,080 zinazolipwa, likizo na sikukuu zikiwemo, kila saa ni shilingi 3,000. Mwaka wa mkataba umeanza mwishoni mwa Juni, na tarehe 31 Oktoba anaacha kazi. Amefanya wiki 18 za saa 48, jumla 864, ila mshahara wake wa kila mwezi umemlipa saa 40 kwa wiki, yaani 720. Anaidai hoteli saa 144, sawa na shilingi 432,000, mbali na siku za likizo alizokwisha kujikusanyia. Mkataba usipokuwa na kipengele cha kufunga hesabu, anaweza kuondoka bila kujua kwamba amewaachia pesa hiyo.

Kama mwaka ungeanza Aprili, mambo yangepinduka: angelipwa kwanza na kufanya kazi baadaye, na akiondoka Juni mwajiri ndiye angekuwa anadai. Kwa hiyo tarehe ya kuanza mwaka, ambayo wengi huipita haraka kwenye ukurasa wa kwanza, ndiyo inayoamua nani anamkopesha nani.

Dawa ya kuzuia haya yote ni daftari la saa, moja kwa kila mfanyakazi, analoliona na kulisaini kila mwezi. Lionyeshe saa zilizofanywa, zilizobaki na za akiba zilizotumika. Mhudumu aliyebakiwa na saa 300 katikati ya Machi, wakati ratiba inahitaji 420, ni onyo kwa meneja kwamba Juni itaingia na ovataimu, na bado ana muda wa kurekebisha zamu.

Hata ndani ya mpango huu mapumziko hayaguswi: saa 12 mfululizo kati ya zamu na zamu, na saa 24 kila wiki, hata hoteli ikijaa hadi kwenye korido. Na wewe uliyeambiwa ufanye saa 55 wiki hii kwa ahadi ya kupumzika masika, muulize kiongozi wa tawi la chama chako akuonyeshe mkataba wa hali bora wenye kipengele hicho. Usipokuwepo, saa kumi zilizopita 45 ni ovataimu, na zilipwe hivyo.